Kusoma kopo la krimu ya kigeni na kutafuta mbadala wake katika soko la Mwanjelwa

Karibuni, watazamaji. Mezani kwangu hapa Mbeya nimeweka vitu vinne: kopo tupu la krimu ya kigeni, losheni moja ya hapa nchini, mafuta ya mgando, na chupa ndogo ya glisirini kutoka duka la dawa. Kopo hilo ni la jirani yangu wa Uyole, ambaye ngozi yake ni nyeti na ambaye kila mwaka, baridi ya Juni hadi Agosti ikishika, miguu humtoka magamba meupe na mashavu humchoma anaponawa. Ndugu yake alikuwa akimletea krimu hiyo kutoka nje, sasa imekwisha, na ameniomba nimtafutie kitu cha hapa kinachofanya kazi ileile.

Hatua ya kwanza ni kugeuza kopo na kuacha kabisa maandishi ya mbele. Nasogeza kamera kwenye orodha ya viambato ili mwone vizuri. Kwa desturi ya watengenezaji, viambato hupangwa kuanzia kile kilicho kingi zaidi hadi kichache, isipokuwa vile visivyozidi asilimia 1, ambavyo mtengenezaji anaweza kuvipanga apendavyo. Kwa hiyo tunahitaji kujua mpaka wa asilimia 1 uko wapi, ingawa kopo halisemi. Tafuta neno Phenoxyethanol. Hicho ni kihifadhi, na Umoja wa Ulaya hauruhusu kizidi asilimia 1 katika kipodozi, hivyo chochote kilichoandikwa baada yake kimewekwa kidogo sana.

Kwenye kopo la jirani yangu, neno la kwanza ni maji na la pili ni Glycerin. Mistari miwili chini kuna Petrolatum, ambayo ndiyo yaleyale mafuta ya mgando tuliyopakwa utotoni. Seramidi, aina ya mafuta yaliyomo pia kwenye ngozi yenyewe, ambayo jina lake limeandikwa mbele kwa herufi kubwa, iko karibu na mwisho. Sisemi kwamba haina kazi, kwa kuwa seramidi hufanya kazi hata ikiwa kidogo, na ukweli ni kwamba sikuipata katika bidhaa za bei ya kawaida sokoni. Lakini uzito wa kopo hili, ukiondoa maji, unabebwa na vitu viwili ambavyo Mwanjelwa vimejaa: glisirini inayovuta maji na kuyashika ndani ya ngozi, na mafuta ya mgando yanayofunika juu ili maji hayo yasitoroke kwenye hewa kavu.

Kitu kingine ambacho kopo hili linacho ni kile ambacho halina: manukato. Kwa ngozi nyeti, hili lina uzito sawa na viambato vyenyewe.

Hatua ya pili ni kwenda sokoni na orodha fupi: glisirini iwe juu, mafuta ya kufunika yawepo, na maneno Parfum au Fragrance yasiwepo. Sasa tazameni losheni hii niliyoinunua makusudi ili niwaonyeshe. Mbele imeandikwa glisirini kwa rangi ya dhahabu, pamoja na picha ya ua la waridi. Nageuza. Maji, kisha Paraffinum Liquidum, yaani mafuta mepesi ya madini, kisha vigandishi, kisha Phenoxyethanol, kisha Parfum, na glisirini yenyewe imekuja baada ya manukato. Maana yake ni kwamba ngozi itapata manukato na glisirini kwa vipimo vya tone tone, jambo ambalo ni kinyume cha tulichokuja kutafuta.

Msitegemee pua peke yake. Bidhaa inaweza isinukie chochote kwa sababu imewekewa manukato ya kuficha harufu ya viambato vingine, na hayo nayo huwasha. Mafuta ya mgando ya watoto, ambayo wengi huyaamini kwa sababu ya picha ya mtoto, mara nyingi yana manukato. Mchaichai na karafuu, hata vikiwa vya shambani kwetu, kwa ngozi ya namna hii huhesabiwa kuwa manukato vilevile. Nikiwa hapo niseme pia kuhusu mafuta ya parachichi yanayosifiwa sana Njombe na Rungwe: yana asidi ya oleiki kwa wingi, ambayo inaweza kulegeza ukuta wa ngozi iliyokwisha kudhoofika. Ukitaka mafuta ya mimea, alizeti ya kawaida ni salama zaidi.

Kwa hiyo nimeacha losheni na kuchukua vitu viwili tofauti: mafuta ya mgando ambayo orodha yake ina neno moja tu, Petrolatum, na glisirini halisi. Kagua alama ya TBS, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo inayosimamia vipodozi nchini, pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi. Krimu isiyo na orodha ya viambato iache dukani, hasa ukiambiwa kwamba inatuliza na kung'arisha kwa siku mbili. Kasi hiyo mara nyingi hutoka kwenye dawa za jamii ya steroidi, ambazo hukondesha ngozi, na ukiziacha mwasho hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo.

Hatua ya tatu ni kujaribu. Kwenye kikunjo cha ndani cha kiwiko, paka eneo la ukubwa wa sarafu ya shilingi 200, asubuhi na jioni, kwa siku 7 hadi 10, bila kukatisha hata kama siku mbili za kwanza ni shwari, kwa sababu mzio wa ngozi huchelewa kujitokeza. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Pitisha ncha za vidole juu ya eneo hilo: ukihisi vipele vidogo, ukwaru au joto kuliko pembeni yake, au ukiona doa lenye weusi uliozidi au la kijivu, acha.

Hatua ya nne ni kupaka. Oga kwa maji ya uvuguvugu, jifute kwa kugusagusa na taulo, na ngozi ikiwa bado na unyevu weka matone matatu ya glisirini kwenye kiganja chenye maji kwa kila mguu, kisha paka. Usipake glisirini tupu kwenye ngozi iliyopasuka, kwa kuwa itachoma. Wala usichanganye chupa nzima na maji ukaiweka, maana haina kihifadhi na vijidudu vitaota humo. Ndani ya dakika tatu, sugua mafuta ya mgando kiasi cha punje ya maharage kati ya viganja mpaka yalainike, kisha yapake juu. Usoni nusu ya punje inatosha.

Jirani yangu alilalamika siku ya pili kwamba miguu inanata na vumbi la barabarani linaganda. Tulipunguza glisirini ikawa tone moja, na kunata kukaisha. Magamba yalianza kupungua mwishoni mwa wiki ya kwanza. Mashavu yalichukua wiki mbili. Kama yangepasuka, kutoa majimaji au kuwasha hadi kumnyima usingizi, ningempeleka kwa daktari wa ngozi badala ya kuendelea kubadilisha makopo.

Mwisho, piga picha ya orodha ya kopo lililokufaa. Watengenezaji hubadilisha viambato bila kubadilisha sura ya kopo, kwa hiyo ukinunua jingine lilinganishe na picha hiyo, neno kwa neno, kabla hujalipa.