Namna ya Kutaja Jina Lako kwa Simu Herufi kwa Herufi Bila Kukosewa

Karibuni. Leo tunachukua jina moja tu, Elinami Nnko, tulitaje kwa simu mpaka liandikwe sawasawa upande wa pili. Jina ni la mfano, lakini ukiwa mwenyeji wa Arusha, Tengeru au Usa River utajua kwa nini nimelichagua. Lina M na N, lina E na I, halafu jina la ukoo linaanza na N mbili zilizofuatana. Kazi yangu ni kukatisha tiketi za ndege kwa simu hapa Arusha mjini, na majina ya namna hii ndiyo yanayoandikwa Elimani, Elinani, Mnko au Nko. Jina la kwenye tiketi lisipolingana na la kwenye kitambulisho, abiria anaweza kukwama kaunta pale KIA wakati wenzake wanapita.

Kabla hatujashika simu, tuone herufi zinapotelea wapi. Laini ya kawaida ya simu ilipangwa kupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 hivi. Mvumo mwembamba wa juu, ule unaotenganisha S na F, sehemu yake kubwa iko juu ya hapo, kwa hiyo unakatwa. M na N zote zinatoka puani, na tofauti yao ni ndogo hata mkiwa mmekaa pamoja. Ongeza kelele za stendi, au upepo unaopiga kwenye kipaza sauti, na tofauti hiyo inakwisha. Kuongea kwa sauti kubwa hakusaidii, maana "em" ikipazwa na "en" ikipazwa zinabaki vilevile.

Tatizo la pili tunalitengeneza wenyewe, nalo naliona kubwa kuliko la simu. Sisi tuna namna mbili za kuita herufi. Kuna ile ya darasa la kwanza, a, e, i, o, u, na kuna ile ya Kiingereza, ei, ii, ai, ou, yu. Mtu anataja "i" ya Kiswahili, anayeandika amezoea ya Kiingereza, anaweka E. Unataja "e", anaweka A. Unataja "a", anaweka R, kwa sababu R ya Kiingereza inasikika "aa". Sasa chukua Elinami, itaje kwa Kiswahili safi kwa mtu wa namna hiyo. Anaanza na A, anafuatisha L, kisha E, na mwisho wa jina anaweka E tena. Laini inaweza kuwa safi kabisa na bado jina likaharibika hivyo.

Dawa ni kuacha kutaja herufi peke yake. Kila herufi inabebwa na neno ambalo wote wawili mnajua linavyoandikwa.

Hatua ya kwanza, chukua kitambulisho chako na karatasi. Tazama hapa mezani. Naandika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kubwa, nikiacha nafasi kati ya herufi na herufi. E, L, I, N, A, M, I. Chini yake N, N, K, O. Pembeni ya jina la kwanza naandika 7, pembeni ya la ukoo naandika 4. Usitegemee kichwa, hata kama jina ni lako tangu kuzaliwa. Mkono umezoea kuliandika, lakini mdomo haujazoea kulikata vipande, na katikati ya jina refu mtu hupoteza alipofika.

Hatua ya pili, weka neno chini ya kila herufi. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu si kila neno linafaa. Watu wengi wa hapa wakitaka N wanasema Njombe. Ipige kwenye laini inayokatika uone: upande wa pili wanasikia mjomba, wanaandika M. Ndiyo maana mimi natumia Nairobi. N yake inafuatwa na irabu, na hakuna mji unaoitwa Mairobi wa kuchanganya. Kwa E wengi wanasema embe. Embe ikimezwa kidogo inakuwa wembe, pembe au jembe. Mimi nasema Ethiopia. Kwa B na P, usitumie bata wala pata, maana zinatofautiana kwa herufi ileile unayotaka kuitenganisha. Sema Bukoba, sema Pangani.

Kipimo chake ni rahisi. Badilisha herufi ya kwanza ya neno lako, weka ile inayofanana nayo, usikie kama limezaliwa neno lingine la kweli. Likizaliwa, tafuta neno jingine. Moshi ukiigeuza inakuwa Noshi, haina maana, basi Moshi inafaa kwa M. Majina ya miji yana faida nyingine kwa wale wanaochanganya R na L wakiongea: hata akitamka Lombo, anayeandika anajua Rombo inaandikwaje. Kwa L mimi natumia Lushoto.

Kwa hiyo jina letu sasa linasomeka hivi kwenye karatasi: Ethiopia, Lushoto, Iringa, Nairobi, Arusha, Moshi, Iringa. La ukoo: Nairobi, Nairobi, Kigoma, Oman. Angalia kwamba I imetokea mara mbili na nimetumia Iringa mara zote mbili. Ukibadilisha neno la herufi ileile katikati ya simu, mwenzako atadhani umetaja herufi nyingine.

Hatua ya tatu, piga simu. Kwanza taja jina zima, halafu idadi ya herufi, halafu anza. Herufi mbili au tatu, unanyamaza mpaka aseme ndiyo. Sikilizeni.

"Dada, uko na kalamu? Naitwa Elinami Nnko. Jina la kwanza lina herufi saba."

"Niko tayari, kaka, taja."

"E kama Ethiopia. L kama Lushoto. I kama Iringa."

"Ndiyo."

"N kama Nairobi. A kama Arusha."

"Ndiyo."

"M kama Moshi. I kama Iringa. Zimetimia saba?"

"Zimetimia."

"La ukoo lina herufi nne, na mbili za mwanzo ni herufi ileile. N kama Nairobi. Tena, N kama Nairobi. K kama Kigoma. O kama Oman."

"Nne, kaka, nimeandika."

Neno "kama" lisikupite. Ukimtajia mtu Lushoto, Iringa, Nairobi bila kumweka sawa, wapo wanaoandika Lushoto nzima kwenye fomu, au wanadhani unataja vituo vya safari. Baada ya jina la kwanza, akishakuelewa, unaweza kuiacha. Na kwenye herufi pacha usiseme "N mbili". Niliona tiketi yenye N2 kwa sababu hiyo. Mtangulie kwa kumwambia zinafanana, kisha itaje kila moja peke yake. Ile idadi uliyoitaja mwanzo ndiyo itakayokuambia kama moja imeachwa, kwa sababu Nko atahesabu tatu badala ya nne.

Hatua ya nne ndiyo wengi wanairuka. Usimuulize "umepata?" Atakuambia nimepata, na yeye mwenyewe anaamini hivyo. Usimwombe pia akusomee jina zima, kwa sababu ulishalitamka mwanzo na atakurudishia sauti yako huku karatasi yake ikisema kingine. Mwambie akusomee kwa miji.

"Dada, naomba unisomee ulichoandika, kwa miji ileile."

"Ethiopia, Lushoto, Iringa, Moshi..."

"Samahani, simama hapo. Herufi ya nne. Herufi ya nne ni Nairobi."

"Nairobi. Sawa, nimefuta. Nairobi, Arusha, Moshi, Iringa."

Mmesikia alivyomsahihisha? Hakusema "siyo M, ni N." Sentensi hiyo kwenye simu ni "siyo em, ni en", na anayesikiliza anabaki na sauti mbili zinazofanana, hajui ipi ya kufuta. Ametaja nafasi ya herufi, kisha neno lake sahihi, lile baya hakuligusa kabisa.

Sasa, miji yetu inafanya kazi kwa mtu anayeijua. Ukiongea na hoteli ya ng'ambo, au huduma kwa wateja wa ndege ambapo anayepokea yuko nchi nyingine, Lushoto haitamsaidia. Hapo tumia orodha ya kimataifa, ile inayotumiwa na marubani na waongoza ndege, ambayo shirika la ICAO liliianza rasmi mwaka 1956. Maneno yake yalijaribiwa kwa wasemaji wa lugha mbalimbali, yakachaguliwa yasichanganyike kwenye redio mbovu. Hata maandishi yake yamewekwa kwa makusudi: Alfa inaandikwa kwa f, na Juliett ina t mbili mwishoni, ili Mfaransa asiimeze ile t. Jina letu kwa orodha hiyo ni Echo, Lima, India, November, Alfa, Mike, India. La ukoo, November, November, Kilo, Oscar. Echo tamka "eko", Mike tamka "maiki", na Lima ni kama "lima shamba".

Orodha nzima ni hii kwenye kioo, simamisha video uiandike: Alfa, Bravo, Charlie, Delta, Echo, Foxtrot, Golf, Hotel, India, Juliett, Kilo, Lima, Mike, November, Oscar, Papa, Quebec, Romeo, Sierra, Tango, Uniform, Victor, Whiskey, X-ray, Yankee, Zulu. Huhitaji kuikariri yote wiki hii. Jua maneno ya herufi za jina lako, yabandike nyuma ya kitambulisho au yaandike kwenye simu yako.

Usichanganye orodha mbili katika jina moja, isipokuwa kwa C, Q na X. Hizo kwa Kiswahili ni shida kupata mji unaoanza nazo, kwa hiyo chukua Charlie, Quebec na X-ray. Jina kama Felix au Cecilia litakulazimisha. C ya Cecilia usiibebe kwa Chalinze, ataandika Ch.

Mwisho, kabla hujalipa, mwombe akutumie jina kwa ujumbe wa maandishi. Weka simu pembeni ya kitambulisho na ulinganishe herufi moja moja ukianzia nyuma: O, K, N, N. Ukisoma kutoka mbele jicho linaona jina unalolijua na kupita. Ukikuta kosa, mpigie palepale na umtajie nafasi ya herufi, kwa sababu jina hurekebishwa kwa urahisi zaidi kabla tiketi haijatolewa.