Kamera moja, picha tatu: kuhariri hubiri kwa kukata fremu

NEEMA: Kaka Juma, hubiri la dakika 40 limerekodiwa kwa kamera moja iliyotulia. Mhariri aanzie wapi?

JUMA: Kwenye ukubwa wa picha. Rekodi ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160. Taimlaini ikiwa 1920 kwa 1080, picha nzima inaingia kwa asilimia 50, na unaweza kuikuza hadi 100 bila kupoteza chochote. Mimi natumia vipimo vitatu tu: 50 kwa picha pana, 70 kwa ya kati, 100 kwa ya karibu.

NEEMA: Kwa nini si 50, 55, 60?

JUMA: Kwa sababu tofauti ndogo huonekana kama picha imeruka kwa bahati mbaya. Jicho linakubali mkato pale mtu anapokua waziwazi, na kutoka 50 hadi 70 anakua mara 1.4.

NEEMA: Nikikuza, kichwa kinapanda juu kabisa ya fremu.

JUMA: Ndiyo, kwa sababu programu hukuza kutoka katikati. Chukulia macho ya mhubiri yako pikseli 600 kutoka juu ya picha asilia. Kwa asilimia 50 yanakaa 300, pazuri. Kwa 100 yanapanda hadi 60, paji linakatika. Mimi nayataka kwenye 360, theluthi ya juu. Basi katika Premiere namba ya pili ya `Position` itoke 540 iwe 840. Kwa 70 iwe 696. Hifadhi vipimo hivyo, uvibandike kwenye kila kipande.

NEEMA: Na mkato wenyewe uwe wapi?

JUMA: Anapomaliza wazo, au mkono unapoanza kunyanyuka. Sauti iache iende bila kukatwa. Isipokuwa unaondoa kikohozi: hapo kata sauti na picha pamoja, kisha badilisha kipimo palepale, na mruko wa mwili hautaonekana. Akitembea, rudi kwenye picha pana. Ya karibu itamkata bega.

NEEMA: Wengine hugeuza picha kushoto-kulia ili ionekane kamera ya pili.

JUMA: Usifanye hivyo, dada. Maandishi ya ukutani yatasomeka kinyume, na Biblia itahamia mkono mwingine. Kukata fremu hakubadilishi pembe, mandhari ya nyuma inabaki ileile. Hiyo ndiyo mipaka yake.

NEEMA: Kuna anayefuata haya yote na bado picha ya karibu ina ukungu.

JUMA: Mara nyingi amechagua `Scale to Frame Size`. Hiyo huishusha picha hadi 1080 kwanza, kisha anakuza kilichopungua. Achague `Set to Frame Size`. Dalili ni rahisi: picha nzima imejaa fremu, lakini `Scale` inasoma 100 badala ya 50. Ikisoma 50 na ukungu upo, tatizo liko kwenye kurekodi: fokasi ya otomatiki ilihama kwenda ukutani. Kwenye picha pana huioni, kwenye 100 inajitokeza, na hapo kihariri hakiwezi kuirudisha.