Ukiandika "Hapa", Msomaji Atakuwa Wapi?

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Asanteni kwa kunialika hapa Hamburg.

Nyumbani Marangu nimekuwa mshereheshaji wa misiba kwa miaka mingi, na karibu kila msiba siku hizi naletewa karatasi iliyotoka mbali. Mtoto yuko Ulaya au Marekani, hakuweza kuja, ameandika maneno ya kumuaga mzazi wake na mtu mwingine atayasoma. Nitawasimulia karatasi moja tu. Mwenyewe ameniruhusu niieleze, ila jina lake nimeliacha.

Mama yake alifariki Jumanne, na mazishi yakapangwa Jumamosi kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo. Binti alikuwa na mimba ya miezi minane, daktari akamkatalia kupanda ndege. Jumatano akaandika kurasa mbili na nusu, Alhamisi zikanifikia kwenye simu. Familia ilikuwa imemchagua mjomba wake azisome, yaani mdogo wa marehemu. Walichagua vizuri. Mjomba alimpenda dada yake, lakini sauti yake ilikuwa imeshatulia. Mjane au mtoto aliye nyumbani msimpe kazi hii, ana yake ya kubeba.

Ijumaa jioni nikamwomba mjomba aisome kwa sauti, sisi wawili tu sebuleni. Hakumaliza hata aya ya kwanza. Ilikuwa hivi:

"Wapendwa, nimesimama mbele yenu nikiwa na majonzi makubwa. Jana nilizungumza na mama kwa simu, akaniuliza kama nimekula. Hapa theluji inaanguka. Mama, ulinibeba mgongoni mpaka zahanati nilipougua surua."

Mjomba akaweka karatasi chini, akasema, "Kaka, mimi nikisema hivi watu watadhani nimechanganyikiwa."

Tazameni. Kila sentensi pale imetoka moyoni, na kila moja inageuka uongo mdomoni mwa mjomba. Aliyesimama mbele ya watu ni mzee mwenye mvi. Theluji haianguki mgombani. Na hiyo "jana" ndiyo iliyonitisha zaidi. Binti aliandika Jumatano, na tayari alikuwa amekosea siku moja kwa uchungu, maana simu ile ilikuwa ya Jumatatu. Ikisomwa Jumamosi, "jana" ni Ijumaa, na Ijumaa mama alikuwa mochwari. Waombolezaji wangesikia kwamba marehemu aliongea kwa simu.

Kwa hiyo ukimaliza kuandika, kabla hujatuma, tafuta maneno ya namna tatu: yanayokutaja wewe, yanayotaja mahali, yanayotaja siku. Ni-, yangu, mimi. Hapa, huku, hapo. Leo, jana, juzi. Haya yanamfuata anayeyatamka, hayabaki na aliyeyaandika. "Jana" ibadilishe iwe jina la siku. "Hapa" ipe jina la mji. Nawe "huku" waweza kuibakiza mradi uitaje Hamburg papo hapo, maana msikilizaji akishajua huku ni wapi, atakufuata.

Mimi na yangu ni kazi ngumu zaidi. Wapo wanaoandika yote kwa mtu wa tatu: "Binti yake anasema alimpenda." Mimi sipendi. Inakuwa kama taarifa ya mwenyekiti wa kamati, na watu wanataka kumsikia mtoto. Afadhali umwache msomaji aseme "mimi" yako, lakini kwanza umpe mlango wa kuingilia. Wazee wetu waliijua shida hii zamani, barua iliposomwa na mtoto wa shule kwa bibi asiyejua kusoma. Barua ilianza kwa kumtaja mwandishi na alipo, ndipo zikafuata salamu, na bibi alijua anaongea na nani.

Tulimpigia simu binti usiku ule ule. Kwetu ilikuwa saa tatu usiku, kwake saa moja jioni. Akaandika upya, na mlango tukamwandikia mjomba kwa maneno yake mwenyewe:

"Ninayoyasoma sasa ni maneno ya binti wa marehemu, aliyeko Hamburg. Ameyaandika yeye, nami nayasoma kama yalivyo."

Hapo mjomba ananyamaza kidogo, anashika karatasi, kisha:

"Mimi ni kitinda mimba wa mama. Nina mimba ya miezi minane na daktari amenizuia kusafiri. Jumatatu jioni, siku moja kabla hajafariki, mama alinipigia simu. Akaniuliza kama nimekula. Nilimwambia huku Hamburg theluji inaanguka, akacheka, akasema nivae soksi mbili."

Sababu ya kutokuwepo ni sentensi moja. Alikuwa ameandika aya nzima ya kuomba radhi, na kuomba radhi kwa mdomo wa mwingine kunamwelemea msomaji, tena kunawafanya watu wakuhukumu badala ya kumkumbuka marehemu.

Kisha urefu. Mjomba anasoma taratibu, maneno kama mia moja kwa dakika, na ratiba ilitupa dakika tatu. Maneno 300 basi. Binti alikuwa na karibu 900. Nikamtumia wasifu wa marehemu utakaosomwa kabla yake, akaona kuzaliwa, shule, ndoa, kwaya na idadi ya wajukuu vyote vimo. Vikatoka. Ombeni wasifu kwanza, ndipo muandike. Kilichobaki ni simu ya Jumatatu na safari ya zahanati, mambo ambayo hakuna mwingine pale kihambani aliyeweza kuyasema.

Orodha ya majina ya kushukuru nayo ikatoka. Ukiwataja mashangazi watatu ukamsahau wa nne, wewe hupo kurekebisha, na lawama inabaki kwa msomaji.

Upande wa karatasi ni mfupi. Ichapishwe, isisomwe kwenye simu: simu huingia, kioo huzimika, na jua la saa nane halikuachi uone herufi. Herufi ziwe kubwa, sentensi isikatwe na mwisho wa ukurasa. Miaka iandike kwa maneno kama unataka isomwe kwa Kiswahili, la sivyo utasikia Kiingereza katikati ya maombolezo. Na neno linalosomeka kwa njia mbili libadilishe. Binti aliandika "alitulea barabara", mjomba akaisoma kama njia ya magari. Akaweka "alitulea vizuri".

Tulikubaliana pia mahali pa kupumzika, tukaweka mstari chini ya sentensi ya zahanati. Na nakala ya pili akashika mpwa wake mwingine, asimame ubavuni, aendelee kama sauti itakatika.

Limebaki la kumsemesha marehemu. Katika rasimu alimwita "Mama" mara kumi na moja, na kila mara mjomba alisita, maana kwake huyo ni dada. Nikamwomba binti amzungumzie mama kwa watu tangu mwanzo, amgeukie mara moja tu, mwishoni. Kufikia hapo watu watakuwa wameshamsahau mjomba, wanamsikia mtoto.

Jumamosi mjomba alifika kwenye mstari bila kusita. Zahanati ikamshinda kidogo, akapumzika, mpwa hakuhitajika. Kisha akageukia jeneza, akasoma sentensi ya mwisho ya binti:

"Mama, nimekula. Na soksi nimevaa mbili."