Ajali Uliyoisahau na Fidia Usiyolipwa

Mabibi na mabwana, sheria itakuja baadaye. Tuanze na fomu ya maombi ya bima, maana fidia nyingi hukwama pale, siku ambayo gari halijapata hata mkwaruzo.

Tuchukue mtu mwenye Toyota IST ya shilingi milioni 12 hapa Dar es Salaam. Anakata bima kubwa. Kwa kiwango cha asilimia 3.5 ada yake ni 420,000. Weka VAT ya asilimia 18, inafika 495,600. Wakala amekuja ofisini kwake na fomu, yeye ana wateja wanamsubiri. Fomu inauliza: je, wewe au mtu yeyote atakayeendesha gari hili amepata ajali au kudai fidia ndani ya miaka mitano iliyopita? Wakala halisomi swali lote. Anauliza, "Bosi, hujawahi kupata ajali, si ndiyo?" Bosi anajibu, "Sijawahi." Tiki inawekwa kwenye HAPANA, bosi anasaini chini, wanaagana.

Sasa, miaka minne nyuma bosi huyu aligonga daladala kwa nyuma pale Ubungo. Alikuwa na gari jingine na kampuni nyingine ya bima. Bampa na taa viligharimu 900,000, kampuni ikalipa, gari likauzwa, habari ikaisha. Hakuumia mtu. Amesahau kabisa, na mimi namwamini.

Miezi saba baadaye IST inapinduka karibu na Chalinze. Mkadiria hasara anasema matengenezo ni milioni 6. Bosi anapewa fomu ya madai, nayo ina swali lile lile kuhusu ajali za nyuma. Safari hii anasoma mwenyewe, ametulia, na kwa kuwa ametoka kwenye ajali juzi tu, ile ya Ubungo inamjia. Anaiandika kwa uaminifu. Ofisa wa madai anaweka fomu mbili mezani: hii inasema hapana, hii inasema ndiyo. Baada ya wiki chache inakuja barua kwamba mkataba unafutwa tangu siku ya kwanza na fidia hailipwi.

Najua mtakachosema, maana kila ukumbi husema hivyo: "Lakini hakudanganya, alisahau!" Ni kweli. Tatizo ni kwamba kanuni ya zamani ya bima, hii ya uaminifu wa hali ya juu tuliyoirithi kwa Waingereza, haimuulizi mtu alikuwa na nia gani. Inauliza kama jambo alilolisema lilikuwa kweli, na kama lilikuwa na uzito kwa anayepanga bei. Mtu aliyesahau na mtu aliyeficha wanapata barua ya aina moja. Tofauti ni hii tu: aliyesahau anastahili kurudishiwa ada yake, kwa sababu kama mkataba haukuwahi kuwepo, kampuni haina haki ya kubaki na ile 420,000. Barua nyingi hazitaji jambo hilo. Lidai!

Wengine wamesikia kwamba huwezi kulaumiwa kwa usichokijua. Ndiyo, mahakama ya Uingereza ilisema hivyo mwaka 1908 katika kesi ya Joel: huwezi kufichua usichokijua. Lakini bosi wetu alikijua. Alijaza madai na alisaini hati ya kupokea malipo. Kusahau hakumrudishi kwenye kundi la wasiojua.

Basi amekwisha? Hapana, na hapa ndipo watu wanakata tamaa mapema. Katika kesi ya Pan Atlantic ya mwaka 1994, ambayo nayo ilihusu hasara za nyuma zisizotajwa, iliamuliwa kwamba haitoshi jambo kuwa na uzito. Kampuni ionyeshe pia kwamba ukimya ule ndio uliosababisha ikubali mkataba kwa masharti yale. Maamuzi ya Uingereza hayafungi mahakama zetu, ila hutajwa sana. Kwa hiyo swali la bosi kwa kampuni liwe moja: mngejua habari za bampa la Ubungo, mngenitoza asilimia ngapi? Nionyesheni mwongozo wenu wa bei. Kama mwenye ajali moja ndogo naye hutozwa 3.5, kampuni imejifunga yenyewe.

Isipokuwa... naomba mnisikilize hapa, maana hili huwa silimalizi bila hasira. Pale chini ya fomu, kwa maandishi ya kutafutia miwani, mara nyingi kuna sentensi: majibu haya ni msingi wa mkataba. Ndugu zangu, mwaka 1922 kampuni ya uchukuzi ya Glasgow, Dawsons, iliingia mkenge kwa sentensi kama hiyo. Fomu iliwauliza lori lao linalala wapi. Wakaandika anuani ile ile ya ofisi, katikati ya mji, kwa kupitiwa tu. Kumbe lori lilikuwa likilala kwenye banda nje kidogo ya mji. Likaungua moto. Majaji wa Bunge la Mabwana, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule, wakakubali kwamba anuani ile haikuwa jambo zito kwa kampuni ya bima. Wakakubali pia kwamba hakuna aliyekusudia kudanganya. Na bado, kwa wingi wa kura, Dawsons hawakulipwa senti. Kwa nini? Jibu lilifanywa msingi wa mkataba, na msingi ukiwa na ufa, hatuulizi tena ufa ni mkubwa kiasi gani. Ile hoja yangu nzuri ya asilimia 3.5 inaweza kufa hapo. Basi kabla ya kusaini tafuta maneno haya: "kwa kadiri ninavyojua na kukumbuka". Kama hayapo, yaandike kwa mkono, saini pembeni, piga picha ukurasa mzima.

Waingereza wenyewe walichoka. Kwa sheria yao ya mwaka 2012, mtu binafsi aliyekosea kwa uzembe tu hukatwa kwa uwiano. Kama angetozwa 560,000 na alilipa 420,000, amelipa robo tatu, basi kwenye milioni 6 anapewa 4,500,000. Ni hesabu ya haki. Ila msitoke hapa mkidhani mkataba wenu wa Dar umebadilika pamoja na wa London.

Muda unanikimbia. Wakala: akijaza fomu kwa mkono wake, kalamu inahesabiwa ni yako. Usisaini ukurasa mtupu. Jibu la swali lile, kama una shaka, liwe "sina hakika, ulizeni kampuni fulani", na taja namba ya gari la wakati huo. Jibu hilo si uongo, na kampuni ikilipokea bila kuuliza zaidi, imejinyima hoja. Au omba barua ya historia ya madai kutoka kampuni ya zamani.

Magari ya mtumba kutoka Japani: kama swali linahusu gari na si dereva, na muuzaji alikutumia kwa WhatsApp karatasi ya mnada yenye daraja R au RA, yaani limewahi kugongwa likatengenezwa, wewe unajua. Picha iko kwenye simu yako.

Kuhuisha bima kila mwaka ni mkataba mpya. Ajali ya Machi itajwe Desemba, hata kama uliilipa mwenyewe kandokando ya barabara.

Habari za mtu wa tatu tuziache, zinahitaji jioni yake. Barua ya kukataliwa ikifika, omba nakala ya fomu yako, waandike ni swali lipi na jibu lipi wanalolilalamikia, kisha peleka malalamiko kwa kampuni kwa maandishi. Wakishikilia msimamo, nenda na nakala hizo kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.