Sufuria moja ya wali, vitabu vitatu: herufi rahisi au za jadi?

Ndugu zangu wafasiri, habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kila anayefanya kazi ya Kichina hulipata mapema: mteja ana mwongozo wa bidhaa, anataka usomwe na Wachina wa sehemu mbalimbali, sasa tuandike kwa herufi rahisi au herufi za jadi? Nitapita na bidhaa moja tu mwanzo hadi mwisho, sufuria ya umeme ya kupikia wali. Ndiyo kazi iliyonifunza zaidi, na ndiyo iliyonitia aibu.

Tuanze na lililo jepesi. China Bara ilitangaza mpango wa kurahisisha herufi mwaka 1956, na orodha kuu ikatoka mwaka 1964. Singapore ilianza kurahisisha mwaka 1969, halafu mwaka 1976 ikajilinganisha na orodha ya China Bara. Malaysia ilifuata mwaka 1981. Taiwan, Hong Kong na Makau hazikuingia katika mabadiliko hayo; zimebaki na herufi za jadi. Basi ukijua bidhaa inauzwa wapi, umeshajua uandike kwa herufi zipi. China Bara hata hiari hakuna: sheria ya lugha na maandishi ya taifa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2001, inataka maelezo ya bidhaa zinazouzwa nchini yawe katika maandishi sanifu ya taifa, na hayo ni herufi rahisi.

Nionye jambo moja hapa, kwa sababu wengi wetu hujikwaa. Msichague herufi kwa kufuata lahaja inayozungumzwa. Mama wa Guangzhou na mama wa Hong Kong wote wanaongea Kikantoni jikoni, lakini wa kwanza alifundishwa shuleni kusoma herufi rahisi na wa pili za jadi. Mteja akikwambia "wateja wangu ni Wakantoni," bado hajakujibu. Muulize wanakaa mji gani. Na kama ni Wachina waliohamia Ulaya au Marekani, uliza walitoka wapi na lini, maana wazee waliotoka Hong Kong na Taiwan wamezoea za jadi, na waliokuja karibuni kutoka Bara wanasoma rahisi.

Sasa kazi yenyewe. Nililetewa mwongozo wa sufuria uliokwisha kuandikwa vizuri kwa herufi rahisi kwa ajili ya China Bara. Mteja alitaka "toleo la jadi" kwa Taiwan na Hong Kong, siku mbili tu. Nikaupitisha kwenye kigeuzi kinachobadilisha herufi moja moja, nikapanga kurasa, nikatuma. Maandishi yalionekana ya jadi kabisa. Msomaji wetu wa Taipei aliyarudisha yamejaa alama nyekundu, na alikuwa na haki.

Tatizo la kwanza ni kwamba kurahisisha hakukuwa kupunguza mistari tu. Mara nyingine herufi mbili au tatu za zamani ziliunganishwa kuwa moja. Kutoka jadi kwenda rahisi ni kama mito miwili kuingia ziwa moja. Kurudi ni kazi nyingine, kwa sababu lazima ujue kila tone lilitoka mto gani.

Chukueni herufi 干. Kwa herufi rahisi inabeba "kavu", ambayo kwa jadi ni 乾, na pia "kufanya" au "shina", ambayo kwa jadi ni 幹. Mwongozo wa sufuria umejaa ukavu: futa kwa kitambaa kikavu, kausha kabla ya kuwasha, na ile kinga inayokata umeme sufuria ikichemka hadi maji kuisha, 防干烧. Kwa jadi hiyo ni 防乾燒. Kigeuzi changu kiliweka 幹 kila mahali, na Taiwan herufi hiyo ikisimama peke yake ni tusi zito. Tulikuwa tumelichapa kwenye ukurasa wa tahadhari za usalama.

Au chukueni 面. Kwa rahisi ni "uso, upande", na pia ni "unga, tambi", ambao kwa jadi ni 麵. Paneli ya vitufe ni 面板 pande zote mbili. Kigeuzi kikiibadilisha kuwa 麵板, msomaji anaona ubao wa kusukumia unga. Ila kwenye kurasa za mapishi, tambi lazima ziwe 麵. Herufi moja, kitabu kimoja, majibu mawili, kutegemea ukurasa.

Vipo vigeuzi bora vinavyotazama kundi zima la maneno kabla ya kuchagua. Mimi natumia OpenCC, ambayo ni ya bure, nikichagua mpangilio wa Taiwan wenye maneno ya huko. Kisha natafuta herufi ambazo katika mwongozo wa sufuria hazina kazi kabisa:

```
opencc -i bara.txt -o taiwan.txt -c s2twp.json
grep -n '[后幹髮里]' taiwan.txt
```

Tazameni mantiki yake. Kwa jadi 后 ni malkia, wakati "baada ya" ni 後. 髮 ni nywele. 里 ni kipimo cha umbali, wakati "ndani ya" ni 裡. Sufuria ya wali haina malkia, haina nywele, haina safari. Mstari wowote unaotokea hapo una uwezekano mkubwa wa kuwa na kosa, na unaliona kwa dakika moja bila kusoma kurasa arobaini. Kwa bidhaa nyingine badilisheni orodha: mwongozo wa mashine ya kukaushia nywele utakuwa na 髮 halali kila ukurasa.

Lakini alama nyekundu nyingi za yule msomaji hazikuhusu herufi. Zilihusu maneno, na hapa ndipo ninapoomba mnisikilize zaidi.

China Bara sufuria hii huitwa 电饭煲. Ukibadilisha herufi unapata 電飯煲, ambalo Hong Kong ni neno la kila siku, lakini Taiwan linasikika la kigeni. Mimi, baada ya kuambiwa hivyo, nikakimbilia neno nililoliona mara nyingi zaidi madukani Taiwan: 電鍋, chungu cha umeme. Msomaji akaandika pembeni neno moja: hatari.

Nikaelewa baadaye. 電鍋 ni chombo kingine. Taiwan karibu kila nyumba inakijua tangu kampuni ya Tatung ilipoanza kukiuza mwaka 1960. Kina chungu cha nje na cha ndani. Mchele na maji yake huenda ndani, halafu mpishi humimina kipimo cha maji kwenye chungu cha nje. Maji hayo yakichemka yanatoa mvuke unaoivisha wali; yakiisha, joto linapanda na swichi inaruka. Sufuria yetu haifanyi kazi hivyo. Chungu cha ndani kinakaa moja kwa moja juu ya sahani ya kupashia joto, na chini kuna kihisi cha joto. Fikirieni bibi aliyepika miaka mingi kwa 電鍋, anafungua kitabu kinachomwambia hii ni 電鍋, naye anachukua kikombe cha maji na kumimina nje ya chungu cha ndani, juu ya sahani ya umeme. Amefuata mazoea yake sawasawa; mkosaji ni mfasiri. Neno sahihi Taiwan lilikuwa 電子鍋.

Kosa la pili lilikuwa kwenye mapishi. Mchuzi wa nyama na viazi uliandikwa kwa 土豆, ambalo China Bara ni viazi mviringo. Taiwan 土豆 ni karanga. Mtu mwenye mzio wa karanga angeukwepa mchuzi usio na karanga. Hilo si baya sana. Lakini kinyume chake, mapishi ya Taiwan yakipelekwa Bara, mwenye mzio atasoma viazi, kisha ale karanga. Andikeni 馬鈴薯 kwa viazi vya Taiwan, 薯仔 kwa Hong Kong, na karanga ziwe 花生, neno linaloeleweka kote.

Kisha kadi ya dhamana. Bara dhamana ni 保修, Taiwan ni 保固, Hong Kong husema 保養. Hilo la Hong Kong, likisomwa Bara au Taiwan, ni utunzaji wa kifaa: kusafisha, kupaka mafuta. Hakuna herufi iliyokosewa, ila msomaji hajui tena kama mwaka mmoja ulioandikwa ni ahadi ya kutengenezewa bure au ni ratiba ya kusafisha.

Ndiyo maana nilimwambia mteja kuwa "toleo la jadi" moja halipo. Taiwan inahitaji faili lake. Hong Kong je? Wengi huichukua ya Taiwan kwa kuwa herufi zinafanana. Kwa vyombo vya jikoni mimi hufanya kinyume: naanza na faili la Bara, nalipitisha kwenye mpangilio wa Hong Kong, s2hk.json, kisha nampa msomaji wa huko arekebishe. Jina la sufuria tayari ni lile lile, na umeme pia: Bara na Hong Kong ni volti 220 na hezi 50, wakati Taiwan ni volti 110 na hezi 60. Ukianza na faili la Taiwan unabeba namba zisizofaa kwenye ukurasa wa hatari. Kwa kompyuta na programu ningefikiria upya, maana huko maneno ya Hong Kong wakati mwingine yanaelekea Taiwan.

Neno fupi kuhusu fonti. Kompyuta hutumia namba moja kwa herufi ambayo kila mji huichora tofauti kidogo. Tazameni 骨, mfupa, kwenye mapishi ya mbavu: ile kona ndogo ya juu inageukia kushoto Bara, kulia Taiwan. Kwenye skrini usipotaja mahali, kivinjari kitachagua chenyewe. Kwa hiyo:

```
<html lang="zh-Hant-TW">
```

Na alama za kunukuu ziwe 「」 kwa Taiwan na Hong Kong.

Kuna dada hapo nyuma ameuliza: je, Singapore? Herufi rahisi, dada, bila wasiwasi. Lakini usitume faili la Bara lilivyo. Umeme wao ni volti 230, na plagi yao ni ile ya pini tatu za mstatili kama yetu hapa Afrika Mashariki, ambayo Hong Kong pia wanaitumia. Chukua maandishi kutoka faili la Bara, chukua mchoro wa plagi kutoka faili la Hong Kong, badilisha namba ya volti, na mwombe mtu anayepika huko asome ukurasa wa mapishi.