Hesabu kwanza, barua baadaye: dawa zinazofika zikiwa zimebakiza muda mfupi

(Mhadhara kwa waganga wafawidhi na watunza stoo wa vituo vya afya, Dodoma)

Ndugu wafawidhi, ndugu watunza stoo, habari za asubuhi.

Wengine mmeshanisikia nikiizungumza mada hii Kondoa na Mpwapwa, na leo nairudia kwa sababu bado naonyeshwa barua zilezile. Barua inasema: "Tunaomba mtubadilishie dawa kwa kuwa muda wake umekaribia kuisha." Basi. Ni boksi ngapi, haisemi. Ni toleo gani, haisemi. Kwa nini kituo hakiwezi kuzimaliza, hakuna neno. Msambazaji anajibu kwamba dawa bado ina miezi mitatu na nusu, itumieni. Na kwa barua ya namna hiyo mnamlaumu kwa lipi?

Nitachukua mzigo mmoja tu, nikae nao, kwa sababu ukiuelewa huo mingine yote utaiweza.

Kituo kimoja wilayani Bahi kiliagiza metformini ya miligramu 500, boksi 120 za vidonge mia mia, kwa msambazaji wa jumla. Wagonjwa wao wa kisukari wanaotumia dawa hiyo walikuwa 33, kila mmoja vidonge 60 kwa mwezi, kwa hiyo kituo kilikuwa kinatoa karibu boksi 20 kila mwezi. Mzigo ulifika tarehe 16 Machi, alasiri, dereva ana haraka ya kuwahi Manyoni. Katoni tatu. Mtunza stoo akafungua ya kwanza, akasoma boksi la juu: mwisho wa matumizi Desemba mwaka unaofuata. Safi. Wengi wetu hapo tungesaini.

Yule dada hakusaini. Alifungua katoni zote tatu na kutoa boksi moja moja, na akavuta hata bamba la vidonge akasoma namba iliyogongwa pembeni ya karatasi ya fedha. Katoni ya kwanza boksi 40, Desemba mwaka unaofuata. Katoni mbili zilizobaki, boksi 80, toleo jingine kabisa: mwisho wa matumizi Juni mwaka uleule. Hati ya kukabidhi mzigo ilikuwa imeandika toleo moja tu, lile zuri. Ndiyo maana nasema kila siku kwamba hati haikaguliwi kwa kusoma hati. Unakagua boksi, halafu unalinganisha na hati.

Sasa hesabu. Hapa ndipo wengi mnapoteleza, kwa hiyo nisikilizeni.

Boksi likiandikwa mwezi na mwaka bila siku, dawa inatumika hadi siku ya mwisho ya mwezi huo. Kwa hiyo boksi 80 zilikuwa halali hadi tarehe 30 Juni. Mtu wa haraka anasema: kutoka katikati ya Machi hadi mwisho wa Juni ni miezi mitatu na nusu, mara boksi 20, tutatumia 70, zinazotuzidi ni 10. Anaandika barua ya boksi 10. Na anakuja kubaki na boksi 30 stoo.

Kakosea wapi? Amesahau kwamba dawa haimalizwi siku inapotoka dirishani. Mgonjwa wa kisukari anapewa dawa ya mwezi mzima, anakwenda nayo Chipanga au Mundemu, anaimeza nyumbani kidogo kidogo. Ukimpa tarehe 20 Juni dawa inayoisha tarehe 30 Juni, siku ishirini za mbele anameza dawa iliyoisha muda, na wewe uko kituoni huna habari. Kwa hiyo kwa dawa ya mwezi, siku ya mwisho ya kuitoa ni mwezi mmoja kabla. Hapa ni tarehe 31 Mei. Kwa kituo kinachotoa dawa ya miezi miwili kwa mkupuo, siku ya mwisho inarudi hadi mwisho wa Aprili.

La pili alilosahau ni kilichokuwa rafuni. Kituo kilikuwa na boksi 10 za zamani, zinazoisha mwisho wa Aprili. Kwa kanuni ileile, hizo zilipaswa kutoka kabla ya Machi kuisha, na inayoisha mapema ndiyo inayotoka mapema. Nusu ya pili ya Machi inakula boksi 10, hesabu imekaa sawa, Machi imeshachukuliwa.

Toleo la Juni linabakiwa na Aprili na Mei tu. Miezi miwili, boksi 40. Walioletewa ni 80. Zinazozidi ni boksi 40, wala si 10.

Nasikia mtu anauliza moyoni: wagonjwa wakiongezeka je? Mwandikie msambazaji kwa wagonjwa ulionao kwenye daftari. Ukianza kuhesabu wagonjwa unaowatarajia, naye atakuhesabia wa kwake, na wake watakuwa wengi kuliko wako.

Mwingine anauliza: kwa nini wasizikatae zote 80? Wangeweza. Oda yao ilikuwa na sentensi inayotaka muda uliobaki usipungue miezi 12 siku ya kupokea. Hiyo sentensi ndiyo silaha. Miezi 12 sikuibuni mimi. Hata miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu dawa za msaada inataka angalau mwaka mmoja uwe umebaki dawa inapofika. Asiye na sentensi hiyo kwenye oda yake anaomba, hadai, na majibu atakayopewa ni ya mtu anayeomba. Lakini wakizikataa zote, wanabaki na boksi 40 za Desemba na 10 za rafuni. Hiyo ni miezi miwili na nusu, na hawajui mzigo mwingine unafika lini. Kituo kikiishiwa metformini, anayeumia ni mgonjwa. Kwa hiyo tunabakiza tunachoweza kukitumia kwa usalama, tunadai kibadilishwe kilichobaki.

Ila hapa kuna mtego wa kisheria, na watu wazima wameuingia. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inakupa nafasi ya kukagua kabla hujahesabiwa kuwa umekubali mzigo. Lakini ukikaa nao kimya kwa muda usio wa kawaida, umekubali. Ukianza kuutumia, umekubali. Na ukikubali sehemu ya mzigo ulioagizwa kwa pamoja, unaweza kupoteza haki ya kukataa sehemu iliyobaki, ukabaki na haki ya kudai fidia tu. Kwa hiyo usiguse hata boksi moja la toleo lenye mgogoro mpaka msambazaji aandike kwamba amekubali ubakize 40 na yeye abadilishe 40. Simu haitoshi. "Sawa mama, tutaona" si makubaliano.

Yule dada aliandika kwenye nakala zote za hati, dereva akiwa amesimama palepale: "Boksi 80, mwisho wa matumizi Juni, zimepokelewa kwa uchunguzi tu, hazijakubaliwa." Dereva alilalamika, akasaini. Zile 80 zikawekwa kando na karatasi ya ZISITUMIKE, ndani ya stoo ileile, joto likiendelea kuandikwa asubuhi na jioni. Msizisukume varanda kwa hasira! Msambazaji akija kuzichukua akakuta zimekaa juani, au daftari la joto lina wiki mbili tupu, atasema zimeharibikia kwako, na hutakuwa na la kumjibu.

Kesho yake barua ikatoka, ukurasa mmoja. Sehemu ya maana ilisema hivi:

"Kati ya boksi 120 za metformini tulizopokea tarehe 16 Machi, boksi 80 zinaisha muda mwisho wa Juni, kinyume na sharti la miezi 12 katika oda yetu. Kwa matumizi yetu ya boksi 20 kwa mwezi, na kwa kuwa mgonjwa hupewa dawa ya mwezi mmoja, tunaweza kutoa boksi 40 tu kati ya tarehe 1 Aprili na 31 Mei. Tunaomba mbadilishe boksi 40 kwa toleo lenye muda usiopungua miezi 12, mzichukue kwa gharama zenu, na mtuthibitishie kwa maandishi kabla ya tarehe 31 Machi. Baada ya tarehe hiyo, kila wiki itakayopita itaongeza boksi 5 kwenye idadi ya kubadilishwa."

Namba ya toleo na namba ya oda zilikuwa juu, picha za boksi zimeambatishwa. Tazameni hiyo sentensi ya mwisho. Hadi mwisho wa Machi boksi 10 za rafuni zinahudumia wagonjwa, kwa hiyo kusubiri hakumgharimu mtu. Kuanzia Aprili, kila wiki ya ukimya inakula boksi 5 ambazo zingetoka. Msambazaji akiiona hiyo, anajua kuchelewa kwake kunaandikwa kwenye hesabu yake mwenyewe.

Alijibu tarehe 27 Machi. Kwanza alitaka kupunguza bei wabaki nazo zote. Wakakataa, na walifanya vizuri. Dawa usiyoweza kumpa mtu haina bei nafuu. Ikiisha muda inakuwa mzigo wako: unaitenga, unaiorodhesha, unaomba kibali TMDA, unagharamia kuiteketeza chini ya usimamizi. Alipoona hawatikisiki akakubali kubadilisha zote 40.

Nimeambiwa dakika zinaisha, basi haya yapiteni haraka haraka.

Walio kwenye Jazia, mfumo ulioanzia hapahapa kwetu Dodoma mwaka 2014, mkataba wa mshitiri unasimamiwa mkoani. Mwombe mfamasia wa wilaya akusomee kifungu cha muda uliobaki, kisha kinukuu kwenye barua yako. Msikisie.

Anayekubali kurudishiwa pesa badala ya dawa ajiulize kwanza wagonjwa watatumia nini wiki ijayo. Karatasi ya kupunguza deni haimezwi.

Na kama msambazaji hana toleo jipya kabisa, kabla hamjagombana pigieni hospitali ya wilaya. Boksi 40 zinazowashinda ninyi wao wanaweza kuzimaliza ndani ya wiki chache. Uhamisho upitie kwa mfamasia wa wilaya, uandikwe kwenye leja za pande zote mbili, na msambazaji aambiwe kwamba usafiri wake ni deni lake.

Vitendanishi vya maabara ni habari nyingine, kwa sababu vipo vinavyotoka kiwandani vikiwa na miezi michache tu, na sharti la miezi 12 huwezi kulitumia. Hivyo unaagiza kidogo kidogo, kwa tarehe tofauti za kufikishwa. Nitaviongelea kwenye maswali. Mwenye hati ya mzigo wa mwezi huu mkononi aje nayo hapa mbele, na leja yake, tuipigie hesabu pamoja.