Lebo ya "Amelipa" Inavyopinda Modeli

Haya karibuni, wale wa nyuma sogeeni, viti viko. Leo nakaa na kitu kimoja tu, lebo, yaani lile jibu modeli inapewa kwenye data ili ijifunze kutabiri, juu watu wanalaumu modeli kabla hawajauliza ilifundishwa nini.

Chukueni apu ya mkopo wa simu, mkopo wa siku 30. Anayetengeneza data anaandika 1 kwa aliyemaliza kulipa kufikia siku ya 30, wengine wote 0, na hapo ndipo modeli inajifunza nani apewe mkopo. Sasa mimi nimekaa na mama anauza nyanya pale soko la Wakulima, mvua ikipiga wiki mbili nyanya zinaoza, deni anamaliza siku ya 38 pamoja na faini yake. Amelipa! Lakini kwa data yeye ni 0, sawasawa na yule alitupa laini akapotea. Mwenye mshahara hana shida hiyo, pesa yake inaingia mwisho wa mwezi. Na usifikirie ukifuta safu ya kazi umemaliza, pesa ndogondogo zikiingia kutwa modeli itajua tu huyu ni mtu wa soko.

Tupime basi, namba hizi ni za mfano. Tuna wenye mshahara 100 na watu wa soko 100, hawa wote walikopeshwa kabla modeli haijaanza kuamua, na wote mwishowe walilipa. Tukaijaribu modeli kwao, ikakubali 90 wa mshahara na 60 wa soko, kwa hivyo pengo ni pointi 30. Lakini kwa ripoti hutaliona! Kwa sababu ripoti inahesabu tu waliolipa kufikia siku ya 30: wa mshahara ni 95, wakakubaliwa 86, karibu asilimia 91, na wa soko ni 60, wakakubaliwa 51, asilimia 85. Pengo limebaki pointi 6 hivi, bosi anatia sahihi. Wale 40 wa soko waliochelewa wakalipa, ambao 31 kati yao walinyimwa, wamefutwa kwenye hesabu na lebo ileile iliyowaumiza.

Ndio maana lazima upime na rula nyingine. Mwaka 2019 Obermeyer na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science kuhusu modeli ya hospitali Amerika iliyotabiri gharama badala ya ugonjwa. Wao wakahesabu magonjwa sugu, wakakuta kwa alama ileile ya modeli, weusi ni wagonjwa zaidi kuliko weupe, sababu pesa zilizotumika kuwatibu zilikuwa kidogo. Kurekebisha kungepandisha weusi kati ya waliochaguliwa kwa msaada wa ziada kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5.

Kwetu rula ni kungoja hadi siku ya 60 ndio uandike lebo. Ila bado kuna shimo: aliyenyimwa hana lebo kabisa, hatujui angelipa ama la, na kila modeli mpya inafundishwa na waliokubaliwa na ile ya zamani. Hapo itabidi utenge pesa kidogo, uwakopeshe wachache kati ya walionyimwa, uwachague kwa bahati nasibu kila kundi, halafu ungoje.